Kikaango cha Alfajiri: Mzazi Aliye Peke Yake Mlimba na Fedha ya Kila Siku

 Leo, kwa wasikilizaji wetu wa bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara, Mbingu na Chita mpaka kule Mlimba chini ya safu za Udzungwa, nazungumza na mzazi anayelea peke yake. Mara nyingi ni mama, ingawa najua wapo akina baba pia. Nazungumza na yule ambaye asipotoka yeye, hakuna mwingine wa kuleta unga nyumbani. Swali lake ni moja: nifanye biashara gani ndogo itakayonipa fedha kila siku, nisiwaache watoto mikononi mwa bahati?

Kwanza tutazame kinachofanya swali hili liwe gumu kwetu kuliko mahali pengine. Mlimba ni nchi ya mpunga, na mpunga hulipa mara moja kwa mwaka. Kuanzia Mei hadi Julai fedha huonekana kila kona. Baadaye hupungua, na inapofika Januari, Februari na Machi, mpunga ungali kijani shambani na ghala limebaki vumbi. Ndipo mama huenda kupalilia mashamba ya watu kwa ngwe. Fedha ya ngwe ni halali na hulipwa siku hiyo hiyo, lakini mashamba yapo mbali. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wameandika kwa miaka mingi kuhusu familia za bonde hili zinazohamia shambani msimu wa kilimo, zikaishi kwenye vibanda vya muda, mbali na zahanati na katikati ya mbu. Wenye ndoa hugawana: mmoja shambani, mwingine nyumbani. Aliye peke yake hana wa kugawana naye. Akienda na watoto, wanakosa shule na wanalala penye mbu. Akiwaacha, mtoto wa miaka 9 ndiye anayekuwa mama wa wadogo zake.

Njia ya pili inayojulikana ni stesheni. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, imewalisha watu wengi wa Mlimba kwa ndizi, wali, kuku wa kukaanga na mchele wa mifuko. Siwezi kuidharau. Ila treni ya abiria si ya kila siku. Kwa miaka mingi ratiba yake ilikuwa mara 2 kwa wiki kila upande, ile ya kutoka Dar es Salaam ikitufikia usiku, na kuchelewa kwake tumekuzoea. Mama akikaa na beseni la wali mpaka saa 8 za usiku akisubiri honi, watoto wake wamelala na nani? Na treni isipofika, wali ule ataupeleka wapi?

Ya tatu ni pombe ya kienyeji. Hapa nitasema wazi, na nawaomba wapikaji wa pombe wanisikilize bila kukasirika. Faida yake ni kubwa kuliko ya vitafunwa. Lakini pombe huchukua siku kadhaa kuiva, kwa hiyo fedha yake huja kwa mkupuo, haiji kila asubuhi. Wateja wake hawanunui wakaondoka. Hukaa uani kwako tangu mchana mpaka giza, na katika nyumba isiyo na mtu mzima mwingine, wewe uko kwenye pipa huku binti yako wa miaka 12 akitumwa kuleta vikombe kwa wanaume waliolewa. Gongo ndiyo kabisa, maana ni haramu kisheria, na siku utakapokamatwa watoto watabaki bila mtu. Kwa mzazi aliye peke yake mimi nasema pombe iondolewe kwenye hesabu, hata kama jirani yake anajenga nyumba kwa pombe hiyo hiyo.

Sasa nifike kwenye ile ninayoiona inafaa zaidi, nayo ni vitumbua. Sisemi hivyo kwa sababu ni kazi nyepesi. Nasema hivyo kwa sababu ya saa zake. Kazi yenyewe ya moto hufanyika watoto wakiwa wamelala, mauzo huisha kabla ya saa 3 asubuhi, na fedha inakuwa mkononi siku ile ile. Tena malighafi yake ndiyo tunayoizalisha hapa. Mashine zetu za kukoboa mpunga hutenganisha mchele mzima na chenga, na chenga huuzwa bei ya chini kwa sababu hazipendezi kwenye sahani ya wali. Kwenye kitumbua hakuna atakayezitambua, kwani zote zinasagwa.

Tumchukue mama mwenye watoto 3: wawili wako shule ya msingi, na mmoja ana miaka 2. Ana kikaango cha chuma chenye mashimo 7. Asubuhi baada ya mauzo analoweka kilo 3 za chenga. Mchana anazichuja, anazipeleka mashineni zikiwa bado na unyevu, na anarudi na unga mlaini. Unga huu wenye unyevu haukai. Ukiulaza mpaka kesho kutwa, unachacha, kwa hiyo anasaga kiasi cha siku moja tu, na siku umeme ukikatika anarudi kwenye kinu na mchi. Jioni anachota unga kidogo, anaupika uwe uji mzito, anauacha upoe, kisha anauchanganya na unga uliobaki, sukari, iliki na hamira. Uji huo ndio unaoshika mchanganyiko na kufanya kitumbua kiwe laini mpaka saa 4, badala ya kukauka kikawa kama jiwe.

Wengi wanaoanza huharibikiwa kwenye hamira. Vitabu vya mapishi husema uache mchanganyiko uumuke, lakini usiku wetu wa Januari ni wa joto kali. Ukiweka hamira saa 1 jioni kwa kipimo kile kile cha msimu wa baridi, ifikapo alfajiri mchanganyiko umeshapanda ukashuka. Utautambua kwa harufu ya uchachu na kwa mapovu yaliyokwisha juu. Ukiukaanga hivyo, kitumbua hakifuri, kinabaki bapa na kinanyonya mafuta. Hasara yake ni mbili: mteja anakunja uso, na mafuta uliyopanga ya siku yanaisha katikati ya kazi. Kwa hiyo wakati wa joto punguza hamira, au uitie usiku sana unapoenda kulala. Nayo sukari ikizidi, kitumbua kinakuwa cheusi nje na kibichi ndani, hata kama moto ni mdogo.

Saa 10 alfajiri anawasha jiko. Mkaango mmoja wa vitumbua 7, kugeuza na kutoa, ni kama dakika 5. Kilo 3 humpa vitumbua kama 150, yaani mikaango 22, ambayo ni karibu saa 2. Saa 12 amemaliza, jiko linazimwa, na hapo ndipo bodaboda, vibarua wanaokwenda mashambani na wanafunzi wanaanza kupita.

Natoa hesabu ya fedha kwa bei za mfano, nawe weka bei za kwako. Chenga kilo 3 kwa shilingi 1,200 ni 3,600. Kusaga ni 300. Sukari robo tatu ya kilo ni 2,250. Mafuta, nusu lita na kidogo, ni 3,500. Hamira na iliki ni 700, na mkaa ni 1,500. Jumla ni shilingi 11,850. Vitumbua 150 vikiuzwa vyote kwa 100 kila kimoja anapata 15,000. Faida ni 3,150.

Najua kuna atakayesema hiyo ni fedha ndogo. Ni ndogo kweli, na ndiyo maana kila kitumbua kina uzito. Vikibaki 20 tu, faida inashuka kutoka 3,150 mpaka 1,150. Vitumbua 20 ni sehemu ndogo ya beseni, lakini vimekula karibu theluthi mbili za faida ya siku. Hapo ndipo biashara hii inapofia Mlimba, Ifakara na kwingineko. Mama anaona beseni limekaribia kwisha, anaamini siku imekwenda vizuri, vilivyobaki wanakula watoto na jirani, kesho yake anashangaa fedha ya chenga haitoshi.

Dawa yake si kutembeza beseni mpaka jioni. Ukianza kutembea, mtoto wa miaka 2 anabaki nyumbani, na lile jambo lililokufanya uchague vitumbua limekwisha. Afadhali uelewane na mwenye kibanda cha chai karibu na kijiwe cha bodaboda, umpelekee 100 kila asubuhi kwa shilingi 90, na 50 uuze mlangoni kwako kwa 100. Utapata 14,000, faida 2,150. Umepoteza 1,000 ukilinganisha na siku ya kuuza vyote mwenyewe, lakini umepata zaidi ya siku ya kubakiwa na 20, na unarudi nyumbani kabla mtoto hajaamka vizuri. Kwa mzazi aliye peke yake, fedha isiyoyumba ina thamani kuliko fedha kubwa ya siku moja moja.

Shule zinapofungwa, Juni na Desemba, wateja wanafunzi hawapiti. Usikaange 150 kwa mazoea, shuka mpaka kilo 2. Na Juni hiyo hiyo, mpunga unapokuwa bei ya chini, ndipo akiba ndogo inapotakiwa kununua gunia. Mpunga kilo 100 ukikobolewa hutoa kama kilo 65 za mchele pamoja na chenga zake. Mchele mzima unauza kwa kilo mlangoni, chenga unabaki nazo kwa kikaango. Liweke gunia juu ya mbao lisiguse sakafu, na likiwa limekauka vizuri. Februari wenzako wanaponunua kwa bei ya njaa, wewe unakula mpunga wa Juni.

Sasa nirudi kwa watoto, kwa sababu kukaa nyumbani pekee hakutoshi kuwa usalama. Mafuta ya moto na mtoto wa miaka 2 katika ua mmoja ni hatari, na jiko la vitumbua kwa kawaida huwekwa chini, pale pale mtoto anapofikia. Lijengee jukwaa la matofali lifike kiunoni mwako. Weka ubao mlangoni mwa jiko, wa kumzuia mdogo asipite. Usifunge khanga yenye ncha zinazoning'inia. Na mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke zahanati. Dawa ya meno, unga, mafuta na tope huongeza madhara, hata kama bibi zetu walivitumia.

Mambo mengine mawili huua kimya kimya. La kwanza ni kufuli. Mama anapokwenda kupeleka vitumbua kibandani hufunga mlango kwa nje ili watoto wasitoke. Moto ukitokea ndani, hawana pa kupita. Mwambie jirani unayemwamini, acha mlango unaofunguka kwa ndani, na nenda wakati mkubwa ameshaamka. La pili ni mvua. Masika inaponyesha, watu huingiza jiko la mkaa chumbani wanakolala watoto, mlango na dirisha vimefungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua familia nzima usingizini. Ezeka kibanda cha jiko, hata kama ni cha makuti, kabla ya masika. Na unapoamka saa 10, waache watoto ndani ya chandarua mpaka kupambazuke, kwa maana mbu wa bonde letu wanaendelea kuuma mpaka alfajiri.

Halafu kuna jaribu la kumpa mtoto beseni. Yule wa darasa la tano ana mguu mwepesi, anauza haraka, watu wanamhurumia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyogusa masomo wala afya yake. Nje ya sheria, fikiria tu anayemwita mtoto huyo aingie ndani ya geti amletee vitumbua. Akusaidie kuosha vyombo na kuhesabu chenji hapo nyumbani. Beseni la barabarani ni la mtu mzima.

Na kuna anayekuja baada ya biashara kusimama imara. Fedha ya kila siku inaonekana, na wakopeshaji wa kausha damu wanaipenda sana. Watakupa 100,000 bila maswali mengi, urudishe 4,000 kila siku kwa siku 30. Rudi kwenye hesabu yetu. Siku yako nzuri kabisa inakupa 3,150. Maana yake kila siku 850 itatoka kwenye mtaji wa chenga na mafuta, na kama ile 100,000 umeshaitumia kwingine, mtaji wa 11,850 utakwisha kabla ya wiki 2, hapo familia haijala hata kitumbua kimoja. Mkopo unaolipwa kila siku lazima ulingane na faida ya siku mbaya, si ya siku nzuri. Ukipimwa hivyo, karibu wote huanguka. Mchezo wa akina mama 10, kila mmoja akitoa 1,000 kwa siku, unakupa 10,000 kila siku ya kumi bila riba. Na ukiwa na kikundi kilichosajiliwa, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Anayetaka kuanza asinunue chochote kipya kwanza. Azime kikaango, akaange kilo 1 kwa wiki moja. Gharama ni theluthi ya ile niliyoitaja, karibu 3,950, na vitumbua ni 50. Kila siku achukue kwanza fedha ya chenga, sukari na mafuta ya kesho, aiweke kwenye kopo lake peke yake, ndipo anunue mboga kwa kilichobaki. Vile watakavyokula watoto asubuhi avihesabu kama ameviuza kwa familia, maana 6 kila siku ni shilingi 600. Wiki ikiisha kopo likiwa limepungua, asipande kilo 2. Atafute kwanza kinachovuja: kama ni mafuta, hamira, au mkopo wa jirani anayelipa "kesho".

Biashara hii haitajenga nyumba, wala haitalipa ada ya chuo. Itanunua unga, sabuni, daftari na mafuta ya taa, na itafanya hivyo kila siku bila kumtoa mama nyumbani usiku. Yaliyobaki hayapaswi kuwa juu yake peke yake, na hapo nina neno kwa baba ambaye ananisikia akiwa kijiweni Ifakara, au mgodini, au kwa mke mwingine huko Makambako. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2009 inakutaka umhudumie mtoto wako, hata kama wewe na mama yake mmeachana na hata kama hamkuoana. Mama, ofisi ya ustawi wa jamii iko halmashauri, na kufungua shauri la matunzo ni haki ya mtoto. Nenda na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, na jina kamili la baba. Na wewe baba, usisubiri kuitwa. Tuma fedha ya mwezi huu leo.